Somo: Namna ya kufupisha kanuni za likizo, saa za ziada na malipo ya ugonjwa kuwa karatasi ya maswali na majibu

Ndugu wanajukwaa, ninaandika somo hili kwa sababu kila mwezi ninapokea ujumbe wa aina moja kutoka kwa maafisa utumishi wenzangu: kijitabu chetu cha kanuni za kazi kina kurasa nyingi, wafanyakazi hawakisomi, nasi tunataka kurasa mbili za maswali na majibu, tuanzie wapi? Nimejibu swali hilo mara nyingi kwa vipande vipande, na leo ninalijibu lote mahali pamoja. Ninazungumzia Tanzania Bara na sekta binafsi, yaani sehemu za kazi zinazoongozwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Watumishi wa umma wana taratibu zao nyingine ambazo sitaziingilia.

Hatua ya 1. Weka mezani sheria, mkataba wa hali bora kama upo, kijitabu cha kanuni cha kampuni na mfano wa mkataba wa ajira mnaoutumia.

Hatua ya 2. Kusanya maswali kutoka vinywani mwa wafanyakazi. Kwa wiki mbili andika kila swali linaloletwa dirishani kwako kwa maneno yaleyale liliyoulizwa, kwa sababu hakuna mfanyakazi anayeuliza kuhusu "stahiki za likizo ya ugonjwa". Anauliza hivi: "Nikilazwa, mshahara unaingia?" Hilo ndilo linalopaswa kuwa swali katika karatasi.

Hatua ya 3. Kwa kila kanuni, jaza mambo manne kabla ya kuandika jibu: inamhusu nani, ni kiasi gani, ndani ya kipindi gani, na kwa sharti gani. Jibu linalokosa mojawapo ya hayo manne halijakamilika hata kama kila neno lake ni la kweli. Mfano wa "nani": kwa kawaida mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita kazini hana haki ya likizo yenye malipo chini ya sheria hiyo, na meneja anayesimamia wafanyakazi wengine na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu hahusiki na sehemu kubwa ya vifungu vya saa za kazi. Ukiandika "wafanyakazi wote", umewaahidi watu ambao kanuni haiwagusi.

Hatua ya 4. Likizo ya mwaka. Sheria inatoa siku zisizopungua 28 mfululizo katika kila mzunguko wa miezi 12, na sikukuu za kitaifa zinazoangukia humo zimo ndani ya hesabu. Neno la kulitunza hapa ni "mfululizo". Mtu akianza likizo tarehe 1 Juni, siku ya 28 ni tarehe 28 Juni, Jumamosi na Jumapili zikiwemo, naye anarejea tarehe 29 ikiwa ni siku ya kazi. Toa tarehe halisi katika jibu, kwa kuwa tarehe hazina ubishi. Ongeza pia kwamba mwajiri ndiye anayepanga wakati wa likizo, lakini haipaswi kuchelewa zaidi ya miezi sita baada ya mzunguko kuisha, au miezi 12 ikiwa mfanyakazi ameridhia na mahitaji ya kazi yanahalalisha kuchelewa huko, na kwamba malipo ya likizo hutolewa kabla likizo haijaanza.

Hatua ya 5. Saa za ziada. Saa za kawaida hazizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Zinazozidi hapo hufanywa kwa makubaliano tu, hazivuki 50 katika mzunguko wa wiki nne, na jumla ya kazi ya siku nzima haivuki saa 12. Malipo hayapungui mara moja na nusu ya mshahara wa msingi wa saa, na kazi ya siku ya mapumziko ya wiki au ya sikukuu hulipwa mara mbili.

Usiishie kwenye "mara moja na nusu", kwa sababu mfanyakazi hajui ni mara moja na nusu ya nini. Fanya hesabu mbele yake. Tuchukue mfanyakazi wa saa 45 kwa wiki mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 390,000 na posho ya usafiri ya shilingi 60,000. Posho inawekwa kando. Jedwali la sheria linataka mshahara wa mwezi ugawanywe kwa 4.333 ili upatikane wa wiki, yaani takriban shilingi 90,000, kisha ugawanywe kwa saa 45, ndipo inapatikana shilingi 2,000 kwa saa. Saa moja ya ziada ni shilingi 3,000, na saa moja ya siku ya mapumziko ni shilingi 4,000. Akibaki saa tatu Jumanne na akiitwa saa tano Jumapili ambayo ni siku yake ya mapumziko, anadai 9,000 na 20,000, jumla shilingi 29,000. Saa zinazoangukia kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi zina nyongeza ya asilimia 5, nayo kwa saa ya ziada hukokotolewa juu ya kiwango cha saa ya ziada. Kwa hiyo, ikiwa saa mbili kati ya zile tatu za Jumanne zilipita saa mbili usiku, anaongezewa shilingi 150 kwa kila saa, na jumla inakuwa 29,300.

Hesabu hiyo moja iingie kwenye karatasi kama ilivyo, na kila mtu ataweka mshahara wake mahali pa 390,000.

Hatua ya 6. Malipo ya ugonjwa. Hapa ninaomba usome polepole, kwa sababu hatua hii niliikosea mimi mwenyewe, na aliyeumia hakuwa mimi.

Miaka kadhaa iliyopita, nikifanya kazi katika kiwanda ambacho sitakitaja, niliandika karatasi yangu ya kwanza, na jibu la ugonjwa lilisomeka hivi: "Mfanyakazi akiugua atalipwa mshahara kamili kwa siku 63 na nusu mshahara kwa siku 63 zinazofuata." Nililitazama nikaridhika, kwa kuwa namba zote mbili zimo katika sheria. Nilichokiacha ni kipindi. Siku hizo 126 si za mwaka, wala si za kila ugonjwa. Ni za mzunguko mmoja wa miezi 36 ya ajira, na hujumlishwa hata kama magonjwa ni tofauti kabisa.

Opareta mmoja wa mashine ya kufungasha, aliyekuwa na mshahara wa shilingi 390,000 kama wa mfano wetu, aliugua akapewa mapumziko ya siku 40. Alilipwa kamili, na hesabu yake ikabaki na siku 23 za mshahara kamili, jambo ambalo hakuna aliyemwambia. Mwaka uliofuata alifanyiwa upasuaji akapumzika siku 50. Yeye alikuwa ameisoma karatasi yangu, akaamini kwamba ugonjwa mpya unaanza na siku 63 mpya, na kwa imani hiyo akachukua mkopo wa ushirika wa akiba na mikopo kabla ya kulazwa, akijua marejesho yatakatwa kwenye mshahara kamili. Idara ya mishahara ilimlipa siku 23 kwa ukamilifu na siku 27 kwa nusu, kama sheria inavyoelekeza. Kwa kuwa pale tuligawa mshahara wa mwezi kwa siku 30, kila siku ilikuwa shilingi 13,000, nusu yake 6,500, na pengo la siku 27 likafika shilingi 175,500. Alikuja ofisini akiwa bado na bandeji, karatasi yangu mkononi, akaniuliza ni mstari upi unaosema hivyo. Mstari huo haukuwepo. Uongozi ulikubali kumlipa tofauti kwa sababu karatasi ilikuwa na muhuri wa ofisi, lakini fedha zilifika baada ya marejesho mawili ya mkopo kumshinda.

Kutokana na tukio hilo ninatoa tahadhari hizi. Usiandike "kwa mwaka" popote katika jibu la ugonjwa, wala usiandike "kila unapougua". Taja kwamba miezi 36 inahesabiwa tangu tarehe ya kuajiriwa ya mtu husika, si tangu Januari; aliyeajiriwa tarehe 1 Machi 2022 alimaliza mzunguko wake tarehe 28 Februari 2025, na siku 126 mpya zikaanza kesho yake. Taja sharti la cheti cha daktari aliyesajiliwa, kile ambacho wengi tunakiita ED, kwa kuwa bila hicho mwajiri halazimiki kulipa. Na taja upande wa pili pia, kwamba mwajiri hapaswi kukikataa cheti bila sababu ya msingi. Mwisho, usiruhusu sentensi inayosema kuwa siku za ugonjwa "zitatolewa kwenye likizo ya mwaka", kwa maana sheria hairuhusu likizo ya mwaka kuchukua nafasi ya likizo nyingine. Sentensi hiyo nimeikuta katika vijitabu vya kampuni zaidi ya kimoja.

Jibu langu la sasa ni hili, na unaweza kulipima kwa mambo manne ya hatua ya 3:

Swali: Nikiugua, mshahara wangu unaingia?
Jibu: Ndiyo, ukiwa umetimiza miezi sita kazini na ukileta cheti cha daktari aliyesajiliwa. Kila mfanyakazi ana siku 126 za ugonjwa katika kila miezi 36, zikihesabiwa tangu siku alipoajiriwa. Siku 63 za kwanza ni mshahara kamili, na siku 63 za pili ni nusu mshahara. Magonjwa yote ya ndani ya miezi hiyo 36 yanajumlishwa pamoja. Ukipumzika siku 40 sasa na siku 50 mwaka kesho, utalipwa kamili kwa siku 63 na nusu kwa siku 27, na utabakiwa na siku 36 za nusu mshahara hadi miezi 36 iishe. Kabla ya kupanga matibabu au mkopo, njoo ofisini uulize umebakiwa na siku ngapi.

Sentensi ya mwisho ina masharti yake kwako wewe mwandishi: lazima ofisi iwe na daftari la kujibu swali hilo.

Hatua ya 7. Jaribu karatasi kwa watu watatu kabla ya kuibandika, lakini usiwaulize kama wameelewa, maana watakujibu kwa heshima kwamba wameelewa. Wape kisa: "Juma aliumwa siku 70 mwaka jana na sasa ameumwa siku 10. Analipwaje?" Anayejibu "kamili" amekuonyesha mahali pa kusahihisha. Jibu sahihi ni nusu mshahara kwa siku zote 10, ikiwa vipindi vyote viwili vimo ndani ya miezi 36 ileile.

Hatua ya 8. Weka tarehe, weka jina la ofisi, na andika kwamba pale karatasi inapotofautiana na sheria au mkataba wa hali bora, hizo ndizo zinazofuatwa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwana wa Ubungo: Mkuu, asante kwa somo. Naomba utuwekee karatasi yako nzima hapa nikaichapishe na kuibandika kwetu kesho.

Mwandishi: Sitaiweka. Kanuni za kwenu si za kwetu, na karatasi yenye jina lenu itawabana ninyi. Anza na hatua ya 1.

Kipima Joto: Likizo ya mwaka ni siku ngapi?

Mwandishi: Hatua ya 4, sentensi ya pili.

Dada wa Chang'ombe: Ndugu mwandishi, ninafanya kazi katika kampuni ya ulinzi. Walinzi wetu wa usiku wanaingia saa kumi na mbili jioni na kutoka saa kumi na mbili asubuhi, siku sita kwa wiki, na kijitabu chetu kinasema tu "zamu ya saa 12". Ninaandikaje jibu la saa za ziada ambalo mlinzi atalielewa?

Mwandishi: Dada, nashukuru kwa swali hili, kwa sababu linaonyesha kazi ambayo kufupisha hufanya hata kabla mtu hajasoma. Fanya hesabu kwanza. Saa 12 kwa siku sita ni saa 72 kwa wiki. Hata ukiondoa saa moja ya mapumziko kila zamu, zinabaki 66, yaani 21 juu ya 45. Kwa wiki nne ni saa 84 za ziada, wakati ukomo ni 50. Sheria inaruhusu zamu ndefu ya hadi saa 12 bila malipo ya ziada, lakini kwa makubaliano ya maandishi, kwa siku zisizozidi tano kwa wiki, saa za kawaida zisizidi 45 na za ziada zisizidi 10 kwa wiki. Siku ya sita haimo katika mpango huo.

Kwa hiyo usilitafute neno rahisi la kulieleza jambo ambalo lenyewe linavuka ukomo. Peleka hesabu hii kwa uongozi kwa maandishi, mpange zamu upya, kisha ndipo uandike. Jibu moja unaweza kuliandika leo: nyongeza ya usiku. Zamu hiyo ina saa kumi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, na kama saa yake ni shilingi 2,000, nyongeza ya asilimia 5 ni shilingi 100 kwa kila saa ya usiku anayofanya kazi, kabla hujagusa hesabu ya saa za ziada. Walinzi wengi hawajui kwamba nyongeza hii ipo.

Mzee wa Hesabu: Hapa umepotosha watu. Likizo ya siku 28 haihesabu Jumapili. Kwetu hatuhesabu Jumapili na tumekaguliwa hatukuambiwa kitu.

Mwandishi: Sijapotosha. Sheria inasema siku 28 mfululizo, sikukuu zikiwemo, na hicho ndicho kiwango cha chini. Kampuni yenu ikiamua kutohesabu Jumapili, imetoa zaidi ya kiwango hicho, na inaruhusiwa kabisa. Ndiyo maana hukuambiwa kitu. Karatasi yenu iandike "siku 28 bila kuhesabu Jumapili", na ya jirani yako iandike kile kilichomo katika kanuni zake.

Nyambura: Salamu kutoka Nairobi. Makao makuu yetu yako huku na tuna tawi Arusha. Nilikuwa nimeanza kuitafsiri karatasi yetu ya Kenya ili niitume Arusha, lakini somo hili limenitia shaka. Je, tofauti ni kubwa kiasi cha kuandika upya?

Mwandishi: Dada Nyambura, ni kubwa, na umefanya vyema kuuliza kabla ya kutuma. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inatoa siku 21 za kazi za likizo ya mwaka, ilhali huku ni siku 28 mfululizo. Mtu wa Arusha akisoma 21 atadhani amepunjwa, na wa Nairobi akisoma 28 atadhani amenyimwa, ingawa kwa anayefanya kazi siku tano kwa wiki siku 21 za kazi ni zaidi ya wiki nne. Kwa ugonjwa tofauti ni kubwa zaidi. Kwenu kiwango cha chini ni siku saba za mshahara kamili na siku saba za nusu katika kila miezi 12, baada ya miezi miwili ya kazi. Huku ni 63 na 63 katika miezi 36, baada ya miezi sita. Maswali unaweza kuyaazima, kwa kuwa wafanyakazi wa pande zote mbili huuliza yaleyale. Majibu yaandikwe upya yote.

Nyambura: Nimeelewa. Nitabakiza maswali tu.

Fundi Mitambo: Na aliyekatwa kidole na mashine kazini, naye anaingia kwenye zile siku 126?

Mwandishi: Swali zuri, na lipewe nafasi yake katika karatasi. Kuumia kazini kuna sheria yake ya fidia na kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na sheria ya ajira inasema mwajiri halazimiki kulipa likizo ya ugonjwa pale mfanyakazi anapostahili malipo ya namna hiyo chini ya sheria au mfuko mwingine. Andika swali tofauti: "Nikiumia kazini nifanye nini?" na jibu lianze na kumjulisha msimamizi siku hiyohiyo ili taarifa iandikwe, kabla ya kuzungumzia fedha.

Mama Mishahara: Nyongeza ndogo kutoka kwangu. Wafanyakazi wetu wengi wa usafi hawasomi kwa urahisi. Tulirekodi maswali na majibu kwa sauti, kila swali rekodi yake fupi, tukayatuma kwenye kundi la simu. Walisikiliza zaidi kuliko walivyowahi kusoma, lakini walituuliza sana kuhusu saa, kwa sababu aliyesoma alitamka "saa ishirini" akifuata kijitabu.

Mwandishi: Nakushukuru, na jambo la saa nalichukua. Vijitabu vingi huandika 20:00 na 06:00, wakati mfanyakazi anasema saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Je, mlirekodi hesabu ya saa za ziada pia, au mliiacha kwenye maandishi?

Mama Mishahara: Tuliiacha. Namba zikisomwa kwa sauti zinapotea. Tuliichora ubaoni karibu na mashine ya mahudhurio, mstari mmoja kwa kila hatua, na mahali pa mshahara tukaacha nafasi wazi. Chaki iko pembeni, kila mtu anaandika wa kwake, anapiga hesabu, kisha anafuta.